Chuma na mbao katika boriti moja: kipi kinabeba zaidi?

Ukibomoa ukuta wa kati ili sebule iungane na chumba cha kulia, na juu yake kuna sakafu ya mbao, lazima boriti ishike nafasi ya ukuta ule. Tuseme uwazi ni wa mita 4, na kila mita ya boriti itabeba kilonyutoni 6, yaani uzito wa karibu kilo 600. Fundi ana mbao mbili za paini, kila moja ina upana wa milimita 50 na kimo cha milimita 200. Je, zinatosha?

Hazitoshi. Mzigo huo unaleta katikati ya boriti momenti ya mpindo ya kilonyutoni mita 12. Mbao zile mbili zikiubeba peke yake, mkazo kwenye kingo za juu na chini unafika nyutoni 18 kwa milimita ya mraba, kiasi ambacho paini ya kawaida haipaswi kubebeshwa kwa miaka, na boriti inalegea karibu milimita 30. Kuna dawa ya zamani, iliyotumika sana Ulaya na Marekani katika karne ya 19: bamba la chuma linawekwa katikati ya mbao mbili, kisha vyote vitatu vinafungwa kwa bolti.

Tuchukue bamba la unene wa milimita 10, lenye kimo kile kile cha 200. Ugumu wa chuma dhidi ya kuvutwa ni takriban nyutoni 200,000 kwa milimita ya mraba. Wa paini tukadirie 10,000. Chuma basi ni kigumu mara 20. Kwa kuwa vimefungwa pamoja na vinapinda pamoja, mbao na chuma vilivyo kwenye kimo kimoja vinarefuka kwa kiasi kile kile. Kwa urefukaji ule ule, chuma kinapata mkazo mara 20 ya ule wa mbao. Hesabu yote imesimama juu ya jambo hilo moja.

Kwa hiyo mhandisi anakigeuza chuma kuwa mbao kwenye karatasi. Unene wa milimita 10 unazidishwa kwa 20, unakuwa milimita 200 za mbao. Kinachopanuliwa ni upana tu. Kimo hakiguswi, kwa sababu ndicho kinachoamua kila sehemu itarefuka kiasi gani. Ukikibadilisha, msingi wote wa hesabu umevunjika. Sasa tuna boriti ya kufikirika, mbao tupu, yenye upana wa milimita 300 na kimo cha 200. Momenti yake ya pili ya eneo ni 300 × 200³ ÷ 12, sawa na milioni 200 za milimita kwa kipeo cha nne.

Mkazo wa ukingoni ni M × y ÷ I, ambapo M ni momenti ya mpindo, I ni momenti ya pili ya eneo, na y ni milimita 100 kutoka katikati. Jibu ni nyutoni 6 kwa milimita ya mraba. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoishia, na hapa ndipo hatari ilipo. Hiyo 6 ni ya mbao peke yake. Mkazo wa chuma halisi unapatikana kwa kuirudisha ile 20: 6 × 20 = 120. Chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kurefuka bila kurudi kwenye takriban 250, kwa hiyo tuko salama. Boriti italegea milimita 10 tu.

Chuma, chembamba vile, kinabeba theluthi mbili za mzigo. Lakini sakafu imekalia mbao, si bamba. Kilonyutoni 4 katika kila mita lazima zipite kwenye bolti ndipo zifike kwenye chuma, na bolti zikiwa kila milimita 600, kila moja inapitisha 2.4. Matundu yakiwa mapana kupita kiasi, mbao zitalegea kwanza peke yake kabla chuma hakijaanza kazi, na hesabu ya juu haitakuwa na maana. Bamba nalo likatwe fupi kidogo kwa kimo, maana mbao ikikauka husinyaa, na chuma kisichosinyaa kitajitokeza na kubeba sakafu moja kwa moja.

Tena mbao iliyobebeshwa mzigo hulegea taratibu kwa miaka. Ugumu wake ukishuka hadi nusu, chuma kinakuwa kigumu mara 40 yake. Rudia hesabu: mkazo wa mbao unapungua hadi 3.6, wa chuma unapanda hadi 144. Mzigo unahama kutoka mbao kwenda kwenye chuma bila mtu kuongeza kitu sakafuni. Kwa hiyo unapoletewa mchoro wa boriti kama hii, dai hesabu mbili: ya siku ya kufunga, na ya mbao iliyokwisha kulegea.