Kodi ya Mwisho: Barua ya Mpangaji Aliyechoka Kungoja Fundi

Mpangaji akichoshwa na nyumba inayovuja, wazo la kwanza humjia ni kuacha kulipa. Humwambia mwenye nyumba, “Dipoziti yangu ndiyo kodi ya mwezi huu,” kisha akaita mkokoteni akahama. Mara nyingi mtu huyu huondoka na haki moyoni na deni mkononi. Sheria za Kenya zinampa mpangaji kinga kubwa kuliko anavyodhani, lakini kinga hiyo humfaa zaidi aliyeweka mambo yake kwenye maandishi kabla ya kufunga mizigo.

Tuanze na wajibu wa mwenye nyumba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inaingiza ahadi fulani katika kila mkataba wa kukodi, hata kama mkataba wenyewe haukuzitaja. Nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na ibaki hivyo muda wote wa upangaji. Ikiwa kilichokodishwa ni sehemu tu ya jengo, kama chumba kwenye ploti au nyumba kwenye ghorofa, basi paa, kuta kuu za nje, mabomba makuu ya maji taka na sehemu zinazotumiwa na wote ni mzigo wa mwenye jengo. Mpangaji naye anatakiwa kuitunza sehemu yake ya ndani ipasavyo. Balbu iliyoungua, kitasa alichokivunja mtoto na sinki lililoziba kwa mabaki ya chakula ni juu yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mtego. Watu wengi huamini kwamba mwenye nyumba asipotengeneza, kodi nayo inasimama. Sivyo. Katika kanuni za sheria ya Kiingereza ambazo mahakama za Kenya zilizirithi, wajibu wa kulipa kodi na wajibu wa kutengeneza nyumba ni vitu viwili vinavyosimama kila kimoja peke yake. Kuvuja kwa paa pekee hakufuti kodi. Kinachoweza kuipunguza ni hesabu: mpangaji alitoa taarifa, akapuuzwa, akatumia pesa zake kwa kazi iliyokuwa ya mwenye nyumba, kisha akakata kiasi hicho kwenye kodi. Mahakama ya Uingereza ilikubali ukataji wa aina hiyo mwaka 1971, katika kesi ya Lee-Parker na Izzet. Hukumu hiyo haiwafungi majaji wa Kenya, ila ni hoja ambayo mpangaji anaweza kuiweka mbele yao.

Tuchukue mfano tuufuate mpaka mwisho. Mama mmoja amepanga nyumba ya chumba na sebule, orofa ya juu kabisa, Kisauni, Mombasa. Kodi ni shilingi 18,000 kwa mwezi, inalipwa tarehe 1, na dipoziti aliyotoa alipoingia ni 18,000. Mvua za masika zinapoanza, dari ya chumba cha kulala inaanza kuvuja. Bomba la tangi la choo, lililopita ndani ya ukuta, linachuruza maji mpaka kwa jirani wa chini. Sokoti ya jikoni imekuwa nyeusi na inanuka plastiki iliyoungua. Anapiga simu. Mwenye nyumba anajibu kama wajibuvyo wengi: “Mwanangu, vumilia kidogo, mvua ikipita nitamtuma fundi.” Mvua haipiti, na fundi haji.

Tarehe 9 Aprili mama huyu anaandika barua ya kwanza. Hatishii kuhama. Anaorodhesha ubovu na kumpa mwenye nyumba siku 14 za kuutengeneza. Anamweleza pia kwamba siku hizo zikipita, bomba na sokoti, ambavyo haviwezi kungoja, atavitengeneza mwenyewe na gharama ataikata kwenye kodi. Barua hii ndiyo inayoibeba hesabu yote itakayofuata. Bila hiyo, mwenye nyumba anaweza kusema hakujua, au kwamba angepata fundi wa bei nafuu.

Orodha ya ubovu ina namna yake ya kuandikwa. Kuandika “nyumba yako imeoza” hakumsaidii mtu. Kila kipengele kinataja mahali, kinachoonekana, kilianza lini na mwenye nyumba aliambiwa lini. Kwa mfano:

“Chumba cha kulala: dari inavuja juu ya dirisha kila mvua inaponyesha, tangu tarehe 4 Aprili. Nilikupigia simu siku hiyo, na tarehe 6 nikakutumia picha kwa WhatsApp. Doa lilikuwa na upana wa sahani. Leo limefika kwenye taa.

Jikoni: sokoti iliyo karibu na mlango imeungua na kubadilika rangi. Siitumii tangu tarehe 7 Aprili, na swichi yake kuu nimeizima.”

Unyevu ndio unaoleta ubishi zaidi, kwa sababu mwenye nyumba huwa tayari na jibu: “Hamfungui madirisha.” Wakati mwingine husema kweli. Ukungu wa vitoneveusi kwenye pembe za bafu au nyuma ya kabati, usiobadilika mvua ikinyesha au isiponyesha, mara nyingi hutokana na mvuke wa ndani usiopata pa kutokea. Maji ya paa yana alama nyingine. Huacha doa lenye ukingo wa kahawia, na doa hilo hupanuka baada ya mvua. Kwa hiyo piga picha ya doa lile lile kabla ya mvua na baada yake, ukisimama mahali pamoja. Picha hizo mbili zitajibu swali la madirisha.

Siku 14 zinaisha tarehe 23 Aprili. Tarehe 25 mama anamwita fundi wa bomba, anayemlipa 3,800 pamoja na vifaa, na fundi wa stima mwenye leseni, anayemlipa 2,500. Jumla ni 6,300. Anachukua risiti zenye tarehe na maelezo ya kazi, na analipa kwa M-Pesa ili ujumbe wa malipo ubaki. Paa haligusi. Ni mali ya jengo zima, gharama yake ni kubwa, na akilipandisha fundi bila ruhusa kisha mabati yakaharibika, lawama itamrudia yeye.

Paa linalovuja ndilo linalomfanya ahame. Kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi, Sheria ya Ardhi inataka notisi isiyopungua kipindi kimoja cha kodi, na iishe siku ambayo kodi hulipwa. Mkataba wa maandishi unaweza kuwa na muda wake, kwa hiyo usomwe kwanza. Mama anapeleka notisi tarehe 28 Aprili, akisema upangaji utakoma tarehe 1 Juni. Angechelewa mpaka tarehe 3 Mei, mwenye nyumba angekuwa na haki ya kudai na kodi ya Juni.

Ndani ya barua hiyo hiyo anaeleza kwa nini hatatuma kodi ya Mei. Hapa ndipo hasira huharibu barua nyingi. Mwenye barua nzuri hasemi anamwadhibu mtu, anaonyesha hesabu:

“Kodi ya Mei ni 18,000. Nimelipa 6,300 kutengeneza bomba na sokoti baada ya siku 14 nilizokupa kwisha, risiti zimeambatishwa. Kodi inayobaki ni 11,700. Naomba kiasi hicho kikatwe kwenye dipoziti yangu ya 18,000 iliyo mkononi mwako. Baada ya sisi wawili kuikagua nyumba, nirudishiwe 6,300 zinazosalia, ukitoa gharama ya chochote nilichoharibu mimi.”

Godoro lililolowa hakulitia kwenye hesabu. Analitaja kwenye aya yake kama dai la kando, kwa kuwa thamani yake inabishaniwa, na kiasi kinachobishaniwa kikichanganywa na risiti huzipunguzia risiti nguvu.

Ndani ya hesabu hiyo kuna nguzo mbili, na moja ni dhaifu kuliko nyingine. Zile 6,300 zinasimama juu ya taarifa na risiti. Kuigeuza dipoziti kuwa kodi ni ombi tu, na mikataba mingi hukataza waziwazi. Ikiwa mkataba wako una kipengele hicho na mwenye nyumba hakukubali kwa maandishi, njia ya salama ni kulipa 11,700 kwa wakati na kuidai dipoziti yako nzima ukishatoka. Mama wa mfano wetu ataishi humo Mei yote, na mwezi huo ndio wa hatari. Sheria ya Kenya bado inamruhusu mwenye nyumba anayedai kodi kutuma dalali mwenye leseni akamate vyombo vya mpangaji, kuanzia friji mpaka runinga. Mpangaji anayeamini hadaiwi hulazimika kukimbilia mahakamani kuomba zuio. Aliyelipa 11,700 amebakiza ubishi wa 6,300 tu, tena wenye risiti.

Barua ipelekwe kwa njia inayoacha alama. Chapa nakala mbili, mwenye nyumba au wakala wake atie sahihi na tarehe kwenye moja, na hiyo ubaki nayo. Akikataa, mtumie picha ya barua kwa WhatsApp, umpelekee na nyingine kwa posta iliyosajiliwa. Siku ya kutoa funguo, kagueni chumba kwa chumba pamoja na shahidi, mrekodi video, msome mita ya maji na ya stima, kisha mwandike makubaliano mafupi na wote mtie sahihi. Funguo zilizoachiwa mlinzi bila maandishi humpa mwenye nyumba nafasi ya kusema hukutoka siku hiyo.

Dipoziti isiporudi, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya fedha mtu alizoshikiwa na mwenzake, yasiyozidi shilingi 1,000,000. Wakili si lazima, na sheria yake inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi wana baraza lao la kodi za nyumba.

Mwenye nyumba naye anaweza kushtaki akiona kodi ilizuiwa bila sababu. Kenya inatoa miaka 6 ya kufungua kesi ya deni la mkataba au la kodi, kwa hiyo barua, risiti, picha na ujumbe wa M-Pesa usivifute kwa sababu umeshahama. Vihifadhi mpaka miaka hiyo ipite.