Mbuni ndege na mbuni mti

Neno mbuni ni jina la ndege mkubwa asiyeweza kuruka. Ni jina pia la mti unaozaa buni, yaani kahawa ambayo bado haijakaangwa. Maandishi ni yaleyale, ila matamshi hayafanani: ndege ana silabi mbili, mbu-ni, na mti una silabi tatu, m-bu-ni. Aliyezaliwa katika Kiswahili huzitofautisha bila kufikiri, lakini wageni wengi wanaojifunza lugha hii hukwama hapo.

Katika mbuni ndege, na vilevile katika mboga, ndizi, njaa na ngoma, nazali na konsonanti inayoifuata hutamkwa kwa pigo moja. Midomo hufungwa, hewa hupitia puani kwa muda mfupi sana, kisha njia ya pua huzibwa na midomo hufunguka kwa b. Midomo haifunguki katikati, na hakuna irabu inayoingia. Kwa nd kazi hiyo hufanywa na ncha ya ulimi. Kwa ng, na sehemu yake ya nyuma.

Lugha kama Kiingereza ina m na b zinazofuatana, lakini huzigawa katika silabi mbili. Jina la mwezi wa kumi na moja linaonyesha hivyo waziwazi. Mswahili husema No-ve-mba, mb yote ikianzisha silabi ya mwisho, ilhali Mwingereza huiacha m nyuma, No-vem-ba. Kwake m hiyo lazima iwe na irabu ya kuegemea mbele yake. Akikutana na mboga, ambamo hakuna irabu iliyotangulia, hutafuta njia ya kukwepa. Wengine huongeza irabu na kusema umboga au maboga. Wengine huidondosha nazali, na sokoni aliyetaka mboga akapewa boga. Kwa njia hiyohiyo mbali hugeuka bali, na mbao hugeuka bao.

Wasemaji wa lugha nyingi za Kibantu hawasumbuki hapo, kwa kuwa sauti hizi wanazo nyumbani. Wapo hata wanaokosea kwa upande wa pili. Katika Kikikuyu, b na d za kupasua husikika zikiwa na nazali mbele yake tu, kwa hiyo mzungumzaji wake anayejifunza Kiswahili anaweza kusema mbasi badala ya basi.

Ugumu wa pili ni wa maandishi yenyewe, na mara nyingi hausemwi darasani. Mwanafunzi akishaizoea mb ya mboga, huitumia kila anapoona herufi hizo, na hapo hukosea upya. M ya mbuni mti ni kiambishi cha ngeli kilichokuwa mu-. Irabu ilidondoka, lakini m ikabaki na silabi yake. Katika Kiswahili cha Kongo irabu hiyo bado inasikika: watu husema mutoto na mubaya. M ya mbuni ndege haikuwa mu- kamwe. Ni nazali ya ngeli ya ndege, nyumba na ndizi, iliyojifunga na konsonanti tangu zamani. Ndiyo maana sifa moja huwa na sura mbili: katika mtu mbaya kuna m-ba-ya, na katika siku mbaya kuna mba-ya. Anayetunga shairi la mizani hawezi kupuuza jambo hili, kwa sababu mstari unaweza kuzidi au kupungua mizani moja.

Namna rahisi ya kutambua ni kuliweka neno katika wingi. Mbuni mti huwa mibuni, na mbuni wa mitindo huwa wabuni. M imeondoka, kwa hiyo ilikuwa silabi kamili. Mbuni ndege, mboga na mbegu hazibadiliki, na nazali yake imeungana na konsonanti. Yanayotoka nje ya kanuni hii ni maneno mafupi kama mbwa, mbu na nge. Hayo yana irabu moja tu, na mkazo wa Kiswahili hudai silabi ya pili kutoka mwisho; basi nazali yenyewe huwa silabi na kubeba mkazo: m-bwa, n-ge.

Kwa anayefundisha, mahali pema pa kuanzia ni katikati ya neno. Mwanafunzi atamke nyu-mba polepole, akipumzika baada ya nyu, mpaka mba isimame peke yake. Kisha aiondoe nyu na kusema mba-li, mba-o. Ko-ndoo nayo itampa ndoo na ndoto. Wingi wa kila jina ufundishwe siku hiyohiyo ya umoja wake, kwa maana herufi za mwanzo peke yake hazimwambii msomaji ni mbuni yupi anayesomwa.