Bango Limeng'aa Kwenye Simu, Limefifia Kwenye Karatasi

Siku hizi tangazo la fainali ya mtaa hutengenezwa kwa simu, kwa programu ya bure kama Canva au PixelLab, na likirushwa WhatsApp linapendeza. Taabu huanza kamati inapotaka lilelile lichapwe na kubandikwa. Steshenari linatoka na herufi zenye ukungu, kombe halitambuliki, na lawama zote anabebeshwa mwenye printa. Mara nyingi hana kosa.

Picha ya simu imeundwa kwa vinukta vidogo, yaani pikseli. Tangazo la stetasi huwa na pikseli 1080 kwa upana, nazo zinatosha kabisa kwa kioo cha simu. Karatasi ya A3 ina upana wa milimita 297, karibu inchi 12. Zitandaze pikseli hizo hapo, na kila inchi inaambulia kama 92 tu, wakati kazi safi ya kusomwa kwa karibu huhitaji 300.

Kwa hiyo anza na karatasi. Kwenye Canva chagua Custom size, uweke 297 kwa 420 mm kabla hujaandika neno. Usiseme utarekebisha baadaye, maana kubadili ukubwa wa kazi iliyokwisha ni huduma ya kulipia. Programu ikitaka pikseli, A3 ni 3508 kwa 4961. Picha ya wachezaji iombe kwa aliyeipiga, kwani iliyopitia makundi ya WhatsApp imeshapunguzwa, na ukiivuta tu inavunjika. Acha sentimita moja tupu kila upande, kwa kuwa printa nyingi za steshenari hazifiki ukingoni, na jina la uwanja lililosogezwa pembeni mno litakatwa.

Rangi nazo zina mambo yake. Kioo hutoa rangi kwa mwanga, karatasi kwa wino, ndiyo maana kijani kile kikali cha kung'aa hupoa kikichapwa. Chapa nakala moja kwanza, uitazame juani, ndipo uagize hamsini.

Ukimaliza, pakua kwa PDF Print, kisha uitume WhatsApp kama Document. Ukiituma kama picha, itabanwa na kazi yote imepotea. Pale steshenari mwombe fundi aifungue na kuikuza mara nne au tano. Herufi za PDF nzuri hubaki na kingo kali hata zikikuzwa namna gani. Zikionyesha vingazi au ukungu, ujue ulichomletea ni picha, na afadhali urudi kwenye simu kabla hujalipia karatasi.

Nembo ya timu ihifadhi kwa PNG isiyo na rangi ya nyuma. PixelLab hufanya hivyo bure, Canva hulipisha. Bila hivyo, kwenye bango jekundu nembo itakaa ndani ya kiboksi cheupe.