Idadi ya miche kwa shamba

Idadi ya miche kwa shamba ni hesabu inayoonyesha miche mingapi itahitajika kupanda eneo fulani kwa nafasi iliyochaguliwa kati ya mistari na kati ya mche na mche, pamoja na ya akiba ya kurudishia itakayokufa.

Njia ya kawaida ni kugawa eneo la shamba kwa eneo la mche mmoja. Mipaini ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, kila mti huchukua mita za mraba 9, hivyo hekta moja (mita za mraba 10,000) huhitaji miche 1,111.

Kwa shamba dogo jibu hilo ni makadirio tu. Tuchukue shamba la mita 70 kwa 58, yaani karibu eka moja. Kwa kugawa tunapata miche 451. Lakini miti hupandwa kwa mistari, na nusu ya mstari haipo. Mstari wa kwanza ukiwekwa mpakani kabisa, upande wa mita 70 una nafasi 23 kamili, na miche 24, kwa sababu kuna mche kila mwisho. (Wanafunzi wengi husahau huyo mmoja.) Upande wa pili una mistari 20. Jumla ni miche 480. Ikiachwa mita moja na nusu kila upande, jambo linalopunguza ugomvi na jirani matawi yanapokua, hupatikana mistari 19 yenye miche 23, yaani 437. Kadiri shamba linavyokuwa kubwa, ndivyo tofauti hii inavyopungua kwa uwiano.

Sasa akiba. Tuseme katika kila miche 100 hufa 15. Wengi huongeza asilimia 15 ya 437, yaani miche 66, wakaridhika. Hiyo 66 nayo itapandwa, na karibu 10 itakufa. Katika 10 hiyo watakufa 2 hivi. Jumla ya yote ni 515. Njia ya mkato ni kugawa 437 kwa 0.85, yaani sehemu inayopona. Jibu ni 514 na kidogo, nalo hukuzwa hadi 515.

Akiba hubaki kitaluni, na kurudishia hufanywa mvua zile zile zikiendelea. Mche uliorudishiwa mwaka unaofuata huzidiwa kivuli na wenzake, na uliokaa mno kwenye kiriba huwa na mizizi iliyojisokota.

Kabla ya kurudishia, hung'olewa michache iliyokufa. Shina lililokatwa karibu na ardhi huashiria sota. Mizizi iliyobaki na umbo la kiriba huonyesha kuwa kiriba hakikuondolewa au mche ulichelewa kupandwa. Vifo vikiwa mahali pamoja tu, penye maji yanayotuama kwa mfano, hesabu yoyote ya akiba haitatosha mpaka pale parekebishwe au paachwe wazi.