Maswali ya Kuwauliza Wauguzi Wanafunzi Kabla Hawajaingia Wodini

Mwulize mwanachuo wa uuguzi kama kunawa mikono huzuia maambukizi. Atajibu ndiyo kabla hujamaliza kuuliza, na hutajua kama ameelewa. Mada ya kuzuia maambukizi katika wodi iliyojaa ikishawasilishwa, mkufunzi anahitaji maswali yanayomlazimisha mwanachuo aeleze mikono yake itafanya nini, mahali gani, na kwa mpangilio upi. Haya hapa matatu.

La kwanza ni hili. Kitanda namba 7 yuko mama mwenye dripu na mpira wa mkojo. Namba 8 wamelala wagonjwa wawili mzungu wa nne. Muuguzi anavaa glovu, anamwaga mkojo wa mama, anaona dripu imesimama, anashika kanula kuiweka sawa, kisha anakwenda namba 8 kuwapima joto wote wawili. Asafishe mikono mara ngapi?

Wengi husema mara mbili, mwanzo na mwisho. Hesabu kamili ni mara tano: kabla ya kumgusa mama, baada ya kumwaga mkojo, ambapo pia ndiyo kabla ya kushika kanula, anapomwacha mama kwenda kwa mgonjwa wa kwanza wa namba 8, kati ya huyo na mwenzake, na anapomaliza. Hiyo ya nne ndiyo husahaulika, kwa kuwa kitanda kimoja huonekana kama mgonjwa mmoja. Na glovu? Kazi yake iliisha kwenye mkojo. Zinavuliwa hapo, na mikono inasafishwa, maana glovu huweza kuwa na matundu yasiyoonekana na mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Kitakasa mikono chenye alkoholi huchukua sekunde 20 hadi 30, maji na sabuni sekunde 40 hadi 60. Kwa hiyo chupa ikining'inia kitandani, mara tano hizo zinawezekana. Sinki likiwa moja tu mwisho wa wodi, hazifanyiki.

Swali la pili ni la usiku. Wameletwa wagonjwa watatu: mmoja ana kikohozi cha wiki tatu na amekonda, wa pili anaharisha, wa tatu ametoka kupasuliwa. Chumba cha kuwatenga hakuna. Nani alale wapi?

Mwanachuo aliyekariri atasema vitanda viachane mita 1. Umbali huo husaidia, lakini hautoshi kwa anayekohoa, kwa sababu anashukiwa kuwa na kifua kikuu, na vijidudu vyake huelea hewani. Huyo avalishwe barakoa, achukuliwe makohozi mapema, na alazwe karibu na dirisha ambalo hewa inatokea. Wakilenga dirisha lisilo sahihi, upepo utampitia yeye kwanza na kuwafikia wengine wote. Njia rahisi ya kujua ni kuning'iniza ukanda mwembamba wa karatasi dirishani na kuona unapeperukia ndani au nje. Hapo mkufunzi aongeze: saa nne usiku ndugu wanafunga madirisha kwa sababu ya mbu na baridi, utafanya nini? Anayejibu kwamba atahakikisha kila kitanda kina chandarua na blanketi ili madirisha yabaki wazi ameifikiria wodi yenyewe. Anayeharisha awekwe karibu na choo na apewe chombo chake cha haja. Aliyepasuliwa akae mbali na wote wawili, na asilale na mtu kitanda kimoja.

Swali la tatu linahusu ndoo. Mgonjwa anayeharisha amechafua sakafu. Tengeneza dawa ya klorini ya asilimia 0.5, kisha eleza utaitumiaje.

Wanachuo hujibu haraka: kipimo kimoja cha jiki, vipimo sita vya maji. Ni kweli, ikiwa jiki ina asilimia 3.5. Ukigawanya 3.5 kwa 0.5 unapata 7. Toa 1, vinabaki vipimo 6 vya maji. Jiki ya asilimia 5 inahitaji vipimo 9. Anayetumia sita kwa kila chupa atapata dawa kali inayowasha macho na koo, na kwenye wodi iliyojaa, wa kwanza kuumia ni wenye pumu.

Kosa kubwa zaidi ni kumwaga dawa juu ya uchafu. Kinyesi na damu huimaliza nguvu klorini kabla haijaua vijidudu. Uchafu uondolewe kwanza kwa kitambaa au karatasi, muuguzi akiwa amevaa glovu, ndipo sakafu ilowe dawa kwa dakika 10. Dawa itengenezwe upya kila siku, maana iliyolala kwenye ndoo hupungua nguvu ingawa bado inanuka.

Kwa hiyo mkufunzi asikilize jibu la kwanza. Mwanachuo anayetaja sita papo hapo arudi kwenye hesabu. Anayeuliza, "Mwalimu, chupa imeandikwa asilimia ngapi?" anaweza kupewa ndoo.