Maswali Matatu Kabla ya Saini

Mpangaji wa Dar es Salaam anajua swali atakaloulizwa mapema kabisa: utalipa miezi sita au mwaka? Dalali huchukua chake, mwenye nyumba huchukua chake, na mkataba, kama upo, ni karatasi moja au mbili ambazo pande zote zinaelewa. Anayetua Leipzig au Hanover kufanya kazi ya uuguzi hukutana na jambo jingine. Anapewa kurasa kumi na kitu za Kijerumani cha kisheria, maandishi madogo, na mstari wa saini mwishoni.

Wakenya wanaokutana na kurasa hizo huenda wakaongezeka, kwa kuwa Septemba 2024 nchi yao na Ujerumani zilitiliana saini mjini Berlin makubaliano ya kuwafungulia wafanyakazi wenye ujuzi njia ya kwenda huko. Maandalizi yao huwa ni viza, vyeti na mtihani wa lugha. Lakini aliyefaulu mtihani wa lugha anaweza kuzungumza na mgonjwa siku nzima na bado asiambulie kitu katika kifungu cha upangaji.

Sheria ya huko haimwonei huruma kwa hilo. Ukitia saini mkataba wa Kijerumani, unakubana hata kama hukuelewa neno. Tafsiri ukipewa ni ya kukusaidia tu. Kinachohesabika ni kile ulichosaini. Na kama uliiona nyumba kwa macho yako kabla, huna siku za kujuta: huwezi kurudi wiki inayofuata ukasema umebadili nia. Kwa hiyo nafasi ya kuuliza ni moja, kati ya siku mwenye nyumba anapokuchagua na siku ya saini.

Wengi huogopa kuitumia. Nyumba ni haba, waombaji ni wengi, na mtu huona kwamba akiuliza sana ataonekana msumbufu, nyumba iende kwa mwingine. Hofu hiyo ina msingi siku ya kutazama nyumba, watu wakiwa wamejipanga kwenye ngazi. Baada ya kuchaguliwa mambo hubadilika, maana mwenye nyumba naye hataki kuanza upya kutafuta mtu. Tena kuna siri ndogo: mara nyingi mkataba hakuuandika yeye. Ni fomu iliyochapwa tayari, aliyoinunua au kuipata kwa chama cha wenye nyumba, na vifungu vingine yeye mwenyewe hujazia tarehe tu. Kwa sababu hiyo, ukimuuliza “kifungu hiki kinasemaje?” atakusomea kilekile kwa sauti. Muulize kwa fedha na tarehe.

Tuchukue mfano wa muuguzi kutoka Kisumu aliyepata nyumba ya vyumba viwili Leipzig. Tangazo lilisema yuro 480. Mkataba unataja 480, kisha 110, kisha 90. Anamwandikia mwenye nyumba barua pepe fupi, akimwita Bwana pamoja na jina la ukoo, kama desturi ya huko inavyotaka. Anamshukuru kwa kumchagua, anasema anataka kuelewa vizuri kabla ya kusaini, na anaomba majibu kwa maneno mepesi.

Swali lake la kwanza: kila mwezi nitakutumia jumla ya yuro ngapi, na ni nini nitalipa mahali pengine? Jibu ni 680. Zile 480 ni kodi ya kuta tupu, ambayo Wajerumani huiita kodi baridi. 110 ni za maji, taka, usafi wa ngazi na mengineyo. 90 ni za kupasha nyumba joto. Umeme na intaneti atajitafutia mwenyewe. Lakini zile 200 za nyongeza ni malipo ya kutanguliza tu, na hapo ndipo wageni huumia. Mara moja kwa mwaka hesabu hupigwa. Ametanguliza 2,400, matumizi yakifika 2,850, anadaiwa 450 kwa mkupuo, na yakiwa madogo anarudishiwa. Mwenye nyumba ana miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kuisha kuileta. Akichelewa kwa uzembe wake, hawezi tena kudai nyongeza. Swali la kuambatisha ni hili: mpangaji aliyepita alilipa kiasi gani kwa mwaka? Kiasi cha kutanguliza kikiwa kidogo mno kuliko hicho, ujue nyumba imefanywa ionekane rahisi.

La pili: dhamana ni kiasi gani, na nalipa lini? Sheria inaweka kikomo cha kodi baridi tatu, si kodi kamili tatu. Hapa ni 1,440, wala si 2,040. Na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu za mwezi, ya kwanza upangaji unapoanza. Anayedai dhamana yote kabla ya kuonyesha nyumba au kutoa mkataba, hasa akisema yuko nje ya nchi na funguo zitakuja kwa posta, ni tapeli. Huyo huna haja ya kumwomba maelezo mepesi.

La tatu ndilo zito: nikihamishiwa hospitali ya mji mwingine mwezi wa Machi, naweza kuondoka lini? Kwa kawaida mpangaji hutoa notisi ya miezi mitatu, kwa barua ya karatasi yenye saini ya mkono, nayo imfikie mwenye nyumba kabla ya siku ya tatu ya kazi ya mwezi kupita ili mwezi huo uhesabiwe. Barua pepe haitoshi. Lakini fomu nyingi zina kifungu ambamo pande zote mbili zinaacha haki ya kutoa notisi kwa muda fulani, na muda huo unaweza kufika miaka minne. Katika mkataba wa muuguzi wetu umejazwa miaka miwili. Kwa mgeni ambaye hajajua kama kazi itamkaa, huo ni mzigo: akiondoka mwezi wa sita, kodi inaweza kuendelea kumfuata.

Anaomba kifungu kiondolewe. Mwenye nyumba anakataa. Anasema amechoka na wapangaji wa miezi mitano. Wanakubaliana mwaka mmoja. Hapa barua pepe isitegemewe: badiliko liandikwe kwenye mkataba wenyewe, namba ya zamani ikatwe, mpya iwekwe, wote wawili watie saini pembeni, kwenye nakala zote mbili.

Kwa yale maelezo mengine, barua pepe ina kazi yake. Jibu la maandishi linabaki kuwa ushahidi wa kile mlichokubaliana, na sheria ya Ujerumani husema kwamba makubaliano mahususi ya watu wawili yanakishinda kifungu kilichochapwa kwenye fomu. Kifungu cha fomu chenye utata husomwa dhidi ya aliyekileta. Akikujibu kwa simu, mwandikie jioni hiyohiyo: “Nimeelewa kwamba jumla ni 680 na umeme si humo. Kama nimekosea, naomba unisahihishe.”

Na akikataa kujibu kabisa? Miji mingi ina chama cha wapangaji, vingi vikiwa chini ya Deutscher Mieterbund, ambapo kwa ada ya uanachama mwanasheria huusoma mkataba nawe. Atakuambia pia ni vifungu gani havina nguvu hata vikisainiwa, mfano kile kinachomtaka mpangaji aliyekabidhiwa nyumba isiyopakwa rangi, bila fidia yoyote, aipake yeye kwa gharama zake. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo kwa kesi za madai ilikibatilisha mwaka 2015, lakini bado kinaonekana kwenye fomu za zamani ambazo watu wanaendelea kuzitumia.