Utamu Usio wa Sukari na Uzito wa Anayeunywa

Mtu mzima wa Lilongwe anayekunywa kopo la soda isiyo na sukari, na mtoto wa Dzaleka anayenyweshwa juisi ya unga iliyokorogwa kwenye jagi, wote husikia onyo moja: sukari bandia inaleta saratani. Hesabu zao hazifanani.

Onyo hilo lilipata nguvu Julai 2023, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilipoiweka aspatemu katika kundi 2B, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Kundi hilo hueleza ushahidi umefika wapi. Halisemi hatari ni kubwa kiasi gani. Na ushahidi ulikuwa haba: tafiti chache zilizogusia saratani ya ini. Ni vigumu kuzisoma, kwa sababu watu wanene na wenye kisukari ndio wanaopenda kuchagua vinywaji hivi, na hali zao zenyewe huongeza hatari ya saratani hiyo. Siku hiyohiyo, kamati ya pamoja ya WHO na FAO iliacha kiwango cha zamani palepale: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, kila siku, maisha yote. Mtu wa kilo 70 angehitaji makopo 9 hadi 14, kila kopo likiwa na miligramu 200 hadi 300, ili akivuke.

Kuna kundi moja lisilohusika na hesabu hiyo. Aspatemu huvunjika tumboni na kutoa, pamoja na vingine, fenilalanini. Wachache waliozaliwa na ugonjwa wa kushindwa kuichakata wanapaswa kuiepuka kabisa.

Sasa turudi kwa mtoto, tuseme ana kilo 15. Kikomo chake cha aspatemu ni miligramu 600. Lakini vinywaji vya bei nafuu mara nyingi huchanganya vitamu kadhaa, na saiklameti ina kikomo cha chini zaidi: miligramu 11 kwa kilo, kwa mtoto huyu 165. Sababu ni kwamba bakteria wa utumbo wa baadhi ya watu huigeuza kuwa kemikali ambayo, kwa panya, iliharibu korodani. Kinywaji chenye miligramu 350 kwa lita kingemfikisha kikomoni kabla ya kumaliza nusu lita.

Kuvuka siku moja si sumu; vikomo hivi huwekwa chini sana ya kipimo kisichodhuru wanyama wa majaribio. Mazoea ya kila siku ndiyo ninayoyahofia, hasa unga unapokorogwa mzito kuliko pakiti inavyoelekeza, maana kila glasi huongezewa dozi. Mzazi atafute nambari kwenye pakiti: E951 ni aspatemu, E952 saiklameti, E954 sakarini. Akiiona E952, jagi hilo lisiwe la kila siku kwa mtoto mdogo.